Shahidi Asiye na Karatasi

Hadithi ya nyanya na mjukuu wanaosafiri mbali kutafuta kitambulisho cha kwanza inamwita mwandishi wa hadithi fupi kwa urahisi mno. Ina safari, ina vizazi viwili, ina afisa nyuma ya meza na ina karatasi inayosubiriwa mwishoni. Kwa urahisi huohuo mwandishi hupotea: nyanya anageuzwa mtu wa zamani asiyejua mambo, mjukuu anageuzwa kijana mwenye simu anayemwokoa, na umbali unageuzwa vumbi, matatu na viatu vilivyochakaa. Hadithi hii ikiwekwa Kakamega, na ikifuatwa hatua kwa hatua kama sheria na ofisi zinavyoiongoza, inageuka kuwa hadithi ya ushahidi: nani anaaminiwa anaposema mtu fulani ni nani, na nani aliachwa nje ya orodha ya wanaoaminiwa. Mwandishi asiyeliona hilo atamlaumu nyanya kwa kosa ambalo dola lilitenda kabla hata hajaolewa.

Tumweke nyanya wetu wa kubuni katika wadi ya Manda-Shivanga, kaunti ndogo ya Malava, huko kwa Wakabras, ambako miwa inakwenda hadi ukingoni mwa barabara na trekta za kiwanda hupita zikidondosha mabua. Ana miaka sabini na kitu. Mjukuu wake ametimiza miaka 18, amemaliza kidato cha nne, na anataka kitambulisho ili asajili laini ya simu kwa jina lake na aombe nafasi chuoni. Mama yake msichana alifariki. Baba hakujulikana kwenye karatasi yoyote. Msichana anapofika ofisi ya usajili anaulizwa cheti cha kuzaliwa, anacho. Kisha anaulizwa nakala ya kitambulisho cha mzazi. Hapo ndipo hadithi inapoanza, kwa sababu kitambulisho cha marehemu hurejeshwa serikalini wakati kifo kinaposajiliwa, na kama hakuna aliyekumbuka kukitolea nakala katika siku zile za matanga, kimekwenda. Afisa anasema alete jamaa wa karibu mwenye kitambulisho, upande wa mama, aje amtambue. Jamaa wa karibu ni nyanya yake, kukhu aliyemlea. Kukhu hana kitambulisho.

Tazama kilichotokea hapo. Kitambulisho cha Kenya tunakizoea kama kadi inayomhusu mtu mmoja: jina, tarehe, picha, alama ya kidole. Lakini namna ya kukipata inaonyesha kingine. Kila mwombaji huthibitishwa na aliye juu yake katika ukoo, na huyo alithibitishwa na aliye juu yake, hadi mlolongo ufike mahali ambapo hakuna karatasi tena na inabidi mtu aaminiwe kwa neno lake na la majirani zake. Kwa familia nyingi za Kakamega upande wa mama, mahali hapo ni nyanya aliye hai. Yeye ndiye anayejua nani alizaliwa na nani, mwaka wa mvua kubwa au mwaka wa njaa, na nani alizikwa wapi. Naibu chifu akitaka kuandika barua ya utambulisho ya kijana wa mtaa, mara nyingi huwauliza wazee wa aina yake. Kwa hiyo mtu ambaye ushahidi wake umetumika kuwapa wengine kadi, bila jina lake kuandikwa popote, ndiye anayekosa kadi siku ushahidi wake unapotakiwa kwa maandishi.

Kwa nini hana? Jibu la haraka ni uzembe, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno likitolewa kwa ujasiri. Ila historia ya usajili Kenya inasema vingine. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita, mwaka 1919 na kuendelea. Ilimhusu mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa kufanya kazi. Alama za vidole vyake, kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake viliandikwa katika cheti alichokibeba ndani ya kijisanduku cha chuma, mara nyingi kikining'inia shingoni, na kutembea bila cheti hicho kulikuwa kosa la kumpeleka jela. Lengo lilikuwa mkono wa kazi: mlowezi alitaka kujua nani ametoroka shamba lake. Mwanamke hakuandikwa kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mkono huo. Mwaka 1947 kipande kikabadilishwa na usajili wa wanaume wa rangi zote, na bado mwanamke hakuwemo. Uhuru ukaja mwaka 1963, na bado hakuwemo. Ni marekebisho ya mwaka 1978 ya Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, yaliyoagiza kwamba wanawake nao waandikishwe, na mwaka 1980 umri wa kuandikishwa ukapandishwa kutoka 16 hadi 18.

Hesabu hiyo ikilinganishwa na maisha ya nyanya wetu, mambo yanabadilika. Akiwa alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940, sheria ilimkuta ana miaka kama 30, ameolewa, ana watoto, na alikuwa ameishi utu uzima wake wote katika nchi ambayo haikutaka kumwandika. Kwa muda mrefu kutoandikwa kulikuwa kama ahueni. Mumewe ndiye aliyeweza kusimamishwa njiani na kuulizwa kipande. Lakini karatasi ile iliyokuwa kamba ya kumfunga mwanamume ikageuka polepole kuwa ufunguo, na yule aliyesalimika na kamba akabaki bila ufunguo.

Mpinzani atasema: sawa, lakini tangu 1978 imepita karibu nusu karne, alikuwa wapi? Ni hoja yenye uzito na haifai kupuuzwa, maana majirani zake wengi wa rika lake walikwenda na wakapata. Jibu ni kwamba mtu huifuata karatasi inapomfungulia mlango, na milango ya nyanya huyu yote ilifunguliwa kwa kadi ya mwingine. Hati ya shamba ilikuwa kwa jina la mume. Mkataba wa miwa na kiwanda ulikuwa kwa jina la mume, na malipo ya miwa yakaingia akaunti ya mume, ingawa aliyepalilia ni yeye. Zao la pili na la tatu, yale machipukizi ya miwa baada ya kukata, yalikua chini ya jembe lake na kuhesabiwa chini ya nambari ya mtu mwingine. M-Pesa ilipokuja mwaka 2007 alipokea pesa kupitia simu ya mtoto wake. Hakuwa mzembe. Alikuwa na njia, na njia hiyo ilikuwa watu. Ikafa pale watu wale walipokufa: kwanza mume, kisha binti.

Na kuna lililoongeza haja ghafla. Kuanzia mwaka 2018 serikali ilipanua mpango wa Inua Jamii, ili Wakenya wenye umri wa miaka 70 na zaidi waweze kuandikishwa kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kuandikishwa kunahitaji kitambulisho. Baadaye bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nayo ikawa inaanzia kwenye nambari ya kitambulisho. Kwa mara ya kwanza dola likamwambia mwanamke mzee wa kijijini kwamba ana haki yake mwenyewe isiyopitia kwa mume wala kwa mtoto, na palepale likamwomba karatasi ambayo kwa miaka 30 ya kwanza ya maisha yake lilikataa kumpa.

Basi nyanya na mjukuu wanaondoka. Umbali wenyewe, kwa kilomita, si wa kutisha. Kutoka kijijini hadi barabara kuu ni mwendo wa bodaboda, kisha matatu ya barabara ya Webuye hadi Malava, na mbele zaidi hadi mji wa Kakamega. Kinachoirefusha safari ni kurudi. Kwanza wanakwenda kwa naibu chifu kupata barua, na naibu chifu yuko kwenye mazishi. Wanarudi siku nyingine. Barua ikipatikana, chifu aiidhinishe. Ofisi ya usajili ya kaunti ndogo inaisoma na kuuliza uthibitisho wa umri. Cheti cha kuzaliwa hana, na asingekuwa nacho: usajili wa lazima wa vizazi ulikamilika kuenea nchi nzima mwaka 1971 tu, na wakati huo yeye alikuwa mama wa watoto. Afisa, kwa nia njema, anauliza kadi ya ubatizo. Hapo panahitaji kujua Kakamega ni wapi. Kanisa la Marafiki, ambao wengi huwaita Waquaker, lilifika Kaimosi mwaka 1902 na kuenea sana katika nchi ya Waluhya, na Marafiki hawabatizi kwa maji. Jirani yake Mkatoliki anayo kadi ya padri yenye tarehe. Yeye, aliyelelewa na kuolewa katika Kanisa la Marafiki, hana, na hakuna mtu aliyetaka iwe hivyo. Imetokea tu kwamba imani ya wazazi wake haikuacha karatasi ambayo ofisi ingeitambua.

Njia inayobaki ni kukadiriwa umri na daktari, na hapo wanatumwa hospitali ya rufaa mjini. Katika sehemu hii mwandishi wa hadithi anapaswa kupunguza mwendo kabisa, kwa sababu hapa ndipo maisha ya mtu yanapopata nambari. Daktari anaweza kuangalia meno, ngozi, viungo, lakini kwa mtu mzima mzee hakuna kipimo kinachoweza kutofautisha miaka 68 na 76 kwa uhakika. Anachoweza kufanya vizuri ni kuuliza. Makarani wa sensa wamefanya hivyo kwa miaka mingi kwa kutumia orodha ya matukio: nani alitawala, nzige walipita lini, vita viliisha lini. Nyanya wetu akiulizwa vizuri ana jibu. Mamake alimsimulia kwamba alikuwa mgongoni, hajaanza kutambaa, habari za risasi za Malakisi zilipofika kwa Wakabras, siku polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa. Hiyo ilikuwa Februari 1948. Kwa hiyo alizaliwa mwishoni mwa 1947 au mwanzo kabisa wa 1948, na ushahidi huo ni bora kuliko meno yoyote. Akiulizwa vibaya, yaani akiulizwa tu, «Mama, ulizaliwa mwaka gani?», atanyamaza, na aliye upande wa pili wa meza ataandika anachokiona.

Tuseme ataandika 1958, kwa sababu mama huyu bado anasimama wima na mikono yake ina nguvu. Kosa la miaka kumi linaonekana dogo kwenye fomu. Kadi ikitoka mwaka 2025, serikali itamhesabu kuwa na miaka 67, ilhali ana 77. Atasubiri miaka mitatu kufika 70 ya kwenye karatasi, na kwa shilingi 2,000 kwa mwezi atakuwa amepoteza shilingi 72,000 ambazo angestahili kuzipokea, mbali na zile za tangu 2018 ambazo hazirudi tena. Na kulirekebisha baadaye ni vigumu kuliko kuliandika sawa mara ya kwanza, kwani sasa atakuwa anapingana na hati ya serikali yenyewe. Uganda imeonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Huko ruzuku ya wazee ya SAGE ilikuwa ikitolewa kwa wenye miaka 80 na zaidi na ikitegemea kadi ya taifa ya Ndaga Muntu, na utafiti wa mashirika ya haki uliotolewa mwaka 2021 ulieleza wazee walionyimwa kwa sababu hawakuwa na kadi, au kadi zao zilibeba tarehe za kuzaliwa zisizo za kweli.

Baada ya umri ni vidole. Fomu ina nafasi ya vidole kumi, na kidole husomwa kwa mistari yake. Mwanamke aliyeshika jembe kwa miaka 60, akavuta majani makali ya miwa na kufua kwa sabuni ya mche, mistari hiyo imefifia. Kwa wino, huonekana mara moja: badala ya mistari iliyopinda panatokea doa jeusi tupu. Kwa mashine, taa hukataa. Afisa mwenye uzoefu humwomba anawe kwa maji ya uvuguvugu, akaushe, apake mafuta kidogo, kisha ajaribu tena kwa kugandamiza polepole. Asiye na uzoefu au mwenye foleni ndefu hupeleka doa hilo Nairobi, na baada ya miezi ombi hurudi. Mahakama Kuu ililiona hili. Katika hukumu yake ya Januari 30, 2020 kuhusu Huduma Namba, kesi iliyofunguliwa na Nubian Rights Forum na wengine, majaji walikubali kwamba wapo Wakenya wanaoweza kuachwa nje kwa kukosa hati au kwa alama za vidole zisizosomeka, na wakataka uwepo utaratibu wa kisheria kabla mpango kuendelea. Ninaona uzito maalumu katika hili: kazi ileile ambayo haikumfanya aandikwe enzi za kipande, kwa kuwa haikuhesabiwa kazi, ndiyo sasa imefuta mistari ya vidole vyake.

Mpinzani wa pili ni mtu wa usalama. Atasema kitambulisho si zawadi. Nchi ina mipaka, Uganda haiko mbali na Kakamega, na kadi ikitolewa kwa neno la mdomo tu, itauzwa. Sikubali kwamba hofu hii ni ya kubuni. Kadi za uongo zimekuwepo na maafisa wamewahi kushtakiwa. Lakini angalia mfumo huu unamkwaza nani. Mwenye pesa ya kununua kadi huja na karatasi zote, kwa sababu karatasi pia hununuliwa. Anayekuja mikono mitupu, akiwa na mjukuu, barua ya naibu chifu na kumbukumbu ya risasi za Malakisi, ni mtu ambaye majirani 20 wanaweza kumtambua kwa jina la babake na la mamake. Ushahidi wa majirani waliozaliwa naye, ukitolewa kwa kiapo mbele ya chifu, wenye majina yao na nambari za kadi zao, ni mgumu kughushi kuliko cheti kilichochapishwa, kwa kuwa waliouapia wapo na wanaweza kuitwa. Mfumo unaodai karatasi kwanza na watu baadaye umeweka kizuizi mahali ambapo mwenye haki hukwama na mdanganyifu hupita.

Wapo pia wanaosema tatizo limekwisha, kwa kuwa ada ya shilingi 300 iliyowekwa mwaka 2024 kwa kitambulisho cha kwanza iliondolewa baadaye, na maafisa huzunguka vijijini na mashine zao. Ni hatua njema, na zimewafikia wengi ambao nauli ingewashinda. Lakini mashine iliyokuja kijijini inauliza cheti kilekile na kitambulisho cha mzazi kilekile. Kama kizuizi cha nyanya huyu kingekuwa barabara, gari lingemtatulia. Kizuizi chake ni kwamba hakuna wa juu yake aliyeandikwa. Katiba, ibara ya 12, inampa kila raia haki ya hati za utambulisho, na haiongezi sharti kwamba awe alizaliwa baada ya 1971 au awe wa kanisa linalobatiza kwa maji.

Turudi kwa mwandishi wa hadithi, maana tafakari hii inamhusu yeye pia. Anaweza kulalamika kwamba namgeuza msimuliaji kuwa karani, na kwamba msomaji anataka nyanya na mjukuu, hataki fomu. Naona fomu ndiyo mahali wanapokutana kwa kweli. Katika meza ile mjukuu anahitaji nyanya awe shahidi wake, na nyanya anamhitaji mjukuu asome kilichoandikwa kabla ya kuweka dole gumba. Hakuna anayemwokoa mwenzake. Kila mmoja ni nusu ya ushahidi wa mwingine. Msichana anapomwambia afisa, «Muulize kukhu kuhusu Malakisi, usimuulize mwaka,» hadithi imepata kilele chake, na kilele hicho hakiwezi kuandikwa na mtu asiyejua kwa nini mwaka haukuandikwa.

Na hadithi isiishie kadi inapotoka. Msichana atakwenda chuoni na laini yake. Nyanya atapata kadi yenye jina, na jina lenyewe litakuwa na mgogoro wake: katika kanisa anajulikana kwa jina moja, kwao alikozaliwa kwa jina la ukoo wa babake, na afisa ameandika la mwisho lile la mume. Kazi ya kwanza ya kadi hiyo huenda isiwe Inua Jamii. Shamba bado limeandikwa kwa jina la marehemu, na ili mjane arithi chini ya Sheria ya Urithi, barua ya chifu ya kuwataja warithi lazima ibebe jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Likitofautiana, ataambiwa aape kiapo cha majina. Basi safari inayofuata ni ya mahakama ya Kakamega, na safari hii ni yeye atakayesimama mbele kama mwombaji, na mjukuu, mwenye kadi mpya mkononi, atakayeulizwa kama anamfahamu mama huyu na tangu lini.